Kitako cha Mkebe

"Hili si gunia, Kyule! Hili ni koti la marehemu limejazwa upepo likasimamishwa!"

Muthoki aliyasema hayo mguu mmoja ukiwa juu ya gunia la makaa na mkono mmoja kiunoni, mbele ya kibanda chake cha mtaa wa Mbotela, saa mbili za asubuhi, watu wakipita kwenda kazini Jogoo Road. Wawili watatu walisimama. Muthoki akigomba hukosi cha kusikia, na hutozwi.

Kyule, kijana wa lori aliyekuwa akimletea makaa kwa miaka sita, alijipangusa shingo kwa kofia.

"Mwaitu, gunia ni lile lile. Kamba ile ile, wavu ule ule wa kichwani. Mimi sijapunguza hata kipande."

"Mwaitu ni mama yako aliyekuzaa, na naye angekuona leo angefunika uso. Gunia lako lilikuwa linanipa mikebe thelathini na mbili. Tangu Januari linanipa ishirini na tisa. Mikebe mitatu inaenda wapi? Inashuka njiani kununua maji?"

"Labda unapima vibaya."

Hapo waliosimama walivuta pumzi. Kumwambia Muthoki kwamba hajui kupima ni sawa na kumwambia padri kwamba hajui Baba Yetu.

Maana kupima ndiko kulikomlea. Alikuja Nairobi kutoka Mwingi kumfuata mumewe Kiema, aliyekuwa mchonga vinyago. Kiema alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Ndete, patasi saba na deni la kodi ya miezi miwili. Patasi haziliwi. Jirani yake, mama mmoja kwa jina Kavutha, ndiye aliyekuwa akiuza makaa pale kwenye kona, na alipozeeka akataka kurudi nyumbani alimwita Muthoki akamwambia, "Chukua mahali pangu. Usinilipe kitu. Siku moja na wewe utampa mtu." Akamwachia kibanda, turubai, chekecheo la chenga, na mkebe wa kupimia, ule wa rangi wa lita nne, uliokwisha kuwa mweusi ndani na nje.

Hiyo ni miaka kumi na mmoja sasa. Ndete amesomeshwa kwa mkebe huo, leo ni karani na anavaa tai. Kila Jumapili Muthoki akipiga magoti kanisani humshukuru Mungu kwa mpangilio wake mwenyewe: kwanza uhai, pili Kavutha, tatu mkebe.

Na hapimi kwa macho. Ana vikopo viwili na vifuniko vya soda. Kila mkebe ukiuzwa, kifuniko kimoja kinatoka kopo la kulia kinaingia la kushoto. Gunia likiisha anahesabu. Gunia analinunua elfu mbili na mia sita, mkebe anauza mia. Mikebe thelathini na mbili inamwachia mia sita, na chenga za chini anazikanda na udongo kuwa mipira, anawauzia wapika maharagwe. Ikiwa ishirini na tisa, anabaki na mia tatu. Toa kodi ya kibanda, toa ushuru wa kanjo la jiji, toa ugali. Hapo mtu anauza makaa ili apate mazoezi ya mikono tu.

Kwa hiyo mzigo uliopita alikuwa amekata. Magunia manne, kila gunia akamzuilia Kyule mia tatu. Elfu moja na mia mbili. Hakuzitumia. Alizifunga kwenye kitambaa akazitia kifuani, zikae kama shahidi.

"Sikiliza, mwaitu," Kyule alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Twende kwa Chege tukapime. Kama gunia halijafika kilo hamsini, hizo pesa zako, na gunia la leo nakupa bure. Likifika, unanilipa zangu mbele ya hawa wote, na mimi nawe tumemalizana. Kuna watu mtaa wa Tena wananipigia simu kila siku. Hawanitukani."

Makaa ya Kyule yalikuwa ya mgunga, kutoka ranchi za njia ya Taveta, yenye kibali, makavu. Ukigonga vipande viwili vinalia kama vikombe vya chai. Ya wengine yanatoa moshi na cheche, au yananyunyiziwa maji yawe mazito. Bila Kyule, wateja wangemhama mmoja mmoja, akianza na Khadro, anayechukua mikebe minne kila siku ya Mungu. Lakini ulimi ulikwisha kutangulia.

"Twende," alisema. "Na gunia nachagua mimi."

Chege ni mnunuzi wa vyuma chakavu, nyumba ya tatu kutoka hapo, mwenye mizani ya kusimama chini inayopima injini za magari. Alipowaona wakija na mkokoteni na watu nyuma, alicheka.

"Leo mmeniletea harusi ama matanga?"

"Pima, Chege, wacha maneno."

"Mizani yangu haina maneno, mama Ndete. Hata haijui nani anadai nani." Akaisogeza, akahakikisha sindano imesimama kwenye sifuri, akampa Muthoki nafasi aone mwenyewe.

Muthoki alikuwa amechagua matatu. La kwanza, hamsini. La pili, hamsini na moja. La tatu, hamsini.

"Yana maji," alisema haraka. Akapasua wavu, akazamisha mkono hadi kwenye kwapa, akatoa kipande cha chini kabisa. Akakigonga. Kikalia. Akakivunja. Ndani kilikuwa kikavu na kinang'aa kama mgongo wa mende. Akatafuta mawe. Hakuna mawe.

Watu wakamtazama. Kyule akavaa kofia yake.

Mwanamke mwingine angelipa hapo hapo akaenda kujificha. Muthoki hakuweza, kwa sababu bado hesabu ilikuwa inamkwaruza kooni. Alijua hajaongopa. Vifuniko vya soda haviongopi. "Kilo hamsini ziko," alisema polepole. "Mikebe thelathini na mbili haiko. Kyule, pesa zako ninazo hapa, sikatai. Lakini nipe saa moja. Rudi na mimi tupime gunia moja, mbele yako, mpaka mwisho. Kama mwizi si wewe, nataka nimjue ni nani."

Kyule alitazama lori lake, akatazama jua. "Saa moja," alisema.

Wakamwaga gunia zima juu ya turubai. Muthoki akachekecha, chenga zikapita, akaziweka kando. Kisha akaanza kujaza mkebe kwa mikono yake, vipande vikubwa vikibanwa na vidogo, kisha juu ya mdomo kilele. Kilele cha Muthoki kilijulikana hadi upande wa pili wa barabara. Hakuishia mdomoni mwa mkebe kama wale wa kupangusa kwa kiganja. Alipandisha kilima, akakivika kipande kimoja juu kama kofia, halafu ukishafungua mfuko wako anakutupia kiganja kingine akisema, "Hiki ni cha mtoto," hata kama huna mtoto.

Kifuniko kimoja. Viwili. Kumi. Kyule alikuwa amechuchumaa anahesabu kwa midomo.

Kwenye wa kumi na nne ndipo alipofika Khadro, na ndoo yake ya makaa na baibui imekunjwa kwenye viwiko. Khadro ana kibanda cha chai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali, mbele ya stendi, na kila siku saa nne, wateja wa asubuhi wakishaondoka, huja kuchukua mikebe minne. Hanunui gunia kwa sababu chumba chake kimejaa watoto na magunia ya unga, na kwa sababu pesa yake inaingia kwa vikombe.

"Mama Ndete, leo unauzia serikali? Makaa yote chini!"

"Leo natafuta mwizi, mama Keynan. Kaa hapo uwe shahidi."

Wakamweleza. Khadro akasikiliza, akakubali kwa kichwa, akaketi kwenye jiwe. Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na tisa. Turubai likabaki jeusi tupu.

"Ishirini na tisa," Kyule alisema, na safari hii alionekana yeye ndiye aliyeshangaa. "Lakini mimi sikuchukua!"

"Nimeona hukuchukua."

Khadro, ambaye alikuwa ameshika makaa kujaribu ukavu wake, aliinuka kwenda kunawa mikono kwenye mtungi wa Muthoki wa pembeni. Akatwaa sabuni. Sabuni ilikuwa imekaa kwenye kisahani cha bati, cha mviringo, chenye shimo zuri la kina, cheusi upande mmoja. Khadro akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Mama Ndete, hiki kisahani ulikitoa wapi?"

"Hicho? Kitako cha ule mkebe. Kililiwa na kutu pembeni, Januari nikampelekea fundi wa bati aniwekee kingine. Mimi situpi kitu, nikakifanya cha sabuni. Kimekaa vizuri, maji hayamwagiki."

Mara tu alipolisema, alilisikia. Alisikia lile neno la mwisho likirudi masikioni mwake lenyewe.

Kitako kipya cha mkebe hakishiki maji wala sabuni. Ni bapa kama chapati. Aliuchukua mkebe, akaumwaga, akautazama ndani. Bapa. Akachukua kile kisahani kutoka kwa Khadro akakishika kama kilivyokuwa zamani, mgongo juu. Kilivimba kama kisigino. Kilikuwa kimegongwa kutoka chini, kwa nyundo, kwa makusudi, na mtu aliyejua anachofanya. Nje huoni kitu. Ndani ni kweusi, na makaa yanafunika.

Alikijaza maji kutoka kwenye mtungi, akayamimina kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Chupa ikajaa hadi shingoni.

"Nusu lita," Kyule alinong'ona. "Kila mkebe."

Muthoki aliketi juu ya makaa yake, na sketi yake ya kijivu. Miaka kumi na mmoja. Kila gunia alilolisifu kwamba linatoa thelathini na mbili lilikuwa la ishirini na tisa. Mitatu ile ilikuwa ikitoka kwenye ndoo za watu. Kwa wajane, kwa walinzi, kwa wapika maharagwe. Fundi wa bati, asiyejua lolote, ndiye mtu wa kwanza aliyeufanya mkebe ule kuwa mwaminifu, na yeye Muthoki akaenda kumtukana Kyule kwa uaminifu huo.

Alifungua kitambaa kifuani. Akamhesabia Kyule noti moja ya elfu na mbili za mia, mbele ya wote, kama walivyopatana.

"Kyule mwanangu, nilikuita mwizi. Nisamehe. Mwizi alikuwa mkononi mwangu, namlisha na kumshukuru kila Jumapili."

Kyule alizipokea akazikunja. Alikuwa amejiandaa na maneno makali tangu kwa Chege, lakini hayakupata mahali pa kushukia. "Mwaitu, hata wewe hukujua," alisema. "Nitakuletea tu. Kule mtaa wa Tena hakuna mtu wa kunichekesha."

"Sasa mama Keynan," Muthoki akamgeukia Khadro, na hapo sauti ikamtoka nyembamba. "Wewe mikebe minne kwa siku. Sijui hata nianzie wapi kuhesabu. Nitakulipa kwa makaa, pole pole. Sema tu."

Khadro alikuwa anajipangusa mikono kwenye baibui. Alitabasamu kwa upande mmoja.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kina tumbo. Mwaka wa kwanza. Uliniachia nijaze mwenyewe siku umezama kwenye simu, nikaingiza mkono mpaka chini, nikakuta kilima."

"Na ukanyamaza? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini? Nilinunua kwa wengine wiki nzima nikajaribu. Yule wa karibu na stendi mkebe wake ni mzima, lakini makaa yameloweshwa, na nusu ni chenga. Mwingine anapanga vipande virefu vinasimama kama mahema, katikati upepo. Mkebe mmoja wa kwao sufuria mbili za chai, ya tatu inanuna. Mkebe wako na tumbo lake, na kilele, na hicho cha mtoto, sufuria tatu. Kila siku tatu. Mimi sinunui mkebe, mama Ndete, nanunua chai iliyochemka. Nilijua mia yangu inarudi na nini." Akamaliza kujipangusa mikono. "Na baba Keynan alipofariki, nani alileta magunia mawili ya kupikia msiba, akakataa pesa? Nikuulize habari ya kitako?"

Muthoki alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono, ukaacha mstari mweusi. "Hata hivyo sikujua ulijua," alisema kwa ukali, kama kwamba hilo nalo lilikuwa kosa la Khadro. "Na wasiojua je?"

Hilo ndilo lililobaki, na si jambo dogo. Angeweza kugonga kitako kipya kwa jiwe, dakika moja, na mambo yakarudi kama zamani. Nani angemshtaki? Lakini mkono haukubali tena kazi ambayo macho yameiona. Na kuuza ishirini na tisa kwa mia kungemfungia kibanda kabla ya Pasaka.

Chege, aliyekuwa amefuata umbea hadi pale, alikwenda akaleta mizani yake ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyaya za shaba. Walipima mkebe mpya na kilele chake kwenye mfuko: kilo moja na pointi sita. Kisha Muthoki akaweka kile kisahani cha sabuni ndani ya mkebe, mgongo juu kama zamani, akajaza tena, akapandisha kilele kile kile, wakapima makaa peke yake: kilo moja na pointi nne na nusu. Walirudia mara tatu, maana kilele si kilo ya sukari, kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinarudi hapo hapo.

"Kwa mia watu walikuwa wanapata hii ndogo," Kyule alisema akichora chini kwa kipande cha makaa. "Kilo moja ilikuwa inawatoka shilingi sitini na tisa hivi. Mkebe mpya, kwa bei ile ile ya kilo, ni... mia na kumi."

"Na ishirini na tisa mara mia na kumi?" Khadro aliuliza.

"Elfu tatu, mia moja na tisini."

Muthoki alitazama namba ile pale chini. Zamani zilikuwa elfu tatu na mia mbili. Shilingi kumi pungufu. Kumbe alikuwa anaweza kuishi kwa haki miaka yote, bila kitako cha kuvimba, laiti mtu angemwambia tu kwamba mkebe mkubwa una bei yake.

Siku hiyo hiyo aliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango: MKEBE NA KILELE 110. KILO MOJA NA POINTI SITA. KILO MOJA 70. USIPOAMINI PIMA. Chege alimuuzia mizani ndogo ya zamani, naye akaitundika kwenye msumari alipozoea kutundika patasi ya Kiema.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mzee Nyamai, mlinzi wa usiku, anayenunua mkebe mmoja kila siku tatu na kutoa ushauri kila siku.

"Mia na kumi! Shilingi kumi ni ya nini, ya chaki?"

"Ya kukuheshimu, mzee. Njoo uone." Akampimia mbele yake, akamwonyesha kisahani, akamweleza yote bila kujifunika. Watu wawili nyuma walisikia. Mmoja aliondoka, na hakurudi mwezi mzima.

Nyamai alifikiri sana. "Basi toa kilele, uniuzie kwa mia."

"Kilele hakitoki, mzee. Ukitaka ya mia, nakupimia ya mia kwa mizani. Lakini utaichukua bila salamu."

Nyamai akalipa mia na kumi, akangoja cha mtoto, akapewa.

Kuhusu Kavutha, Muthoki alilala nalo siku tatu. Huenda ndiye aliyekishika kile kitako kwa nyundo. Huenda naye aliachiwa hivyo na mwingine, akamshukuru. Jumapili alipopiga magoti alitaka kumwondoa kwenye orodha, akashindwa. Mtu aliyekupa mahali pa kusimama ukiwa na mtoto wa kusomesha humfuti kwa sababu ya nusu lita. Alimwacha wa pili. Wa tatu alimtoa mkebe, akamweka mwanamke wa chai. Kisha akasogeza kidogo, Kyule na fundi wa bati nao wakapata pa kukaa.

Jumatatu saa nne Khadro alikuja na ndoo yake. Muthoki alikuwa amemtengea gunia zima kando, limefungwa vizuri.

"Hilo ni lako. La deni."

"Nitaliweka wapi, juu ya mtoto?"

"Mama Keynan, usinitie dhambi. Lazima nilipe."

Khadro alimtazama, akaona hatanii. Akaenda kwenye mtungi, akaondoa sabuni, akakisuuza kile kisahani cha bati, akakikausha kwa ncha ya baibui. Mikebe minne yake ilikuwa tayari kwenye ndoo. Akamwekea Muthoki kisahani mkononi.

"Kilichokuwa kinapungua ni hiki. Kijaze mara moja."

Muthoki alikijaza. Alichagua vipande vya mgunga, vile vinavyolia, akapanga mpaka ukingoni, na juu akaweka kilele. Khadro akakipokea, akakimimina juu ya ndoo yake, akamrudishia kisahani kikiwa kitupu.

"Tumemalizana," alisema, akajitwika ndoo akaenda kuchemsha chai.